Soli ninazobandika zinarudi zimebanduka ndani ya wiki mbili. Tatizo ni gundi au ni mkono wangu?

KijanaFundi:
Wakuu, habari za kazi. Nina kibanda kidogo cha fundi viatu, huu ni mwezi wa nne. Vifaa ni vya kuanzia tu: nyundo, chuma cha kusimamishia kiatu, msharasi, kisu, msasa, uzi wa nailoni, nta, na kopo moja la gundi ya kahawia ya fundi viatu. Kushona hakunisumbui, mabegi na zipu pia naenda nayo vizuri. Kinachonitesa ni soli.

Katika kila pea 10 ninazobandika, 3 au 4 hurudi. Viatu vya ngozi vyenye soli nyeusi ya mpira mgumu havirudi kabisa. Vinavyorudi ni raba, hasa zile nyeupe zenye soli inayopanda ukuta kuzunguka kiatu.

Ninavyofanya: nafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, napaka gundi pande zote mbili, nasubiri kama dakika 5, nabana kwa mikono, nagonga kwa nyundo, na jioni mwenyewe anachukua. Mteja akirudi mara ya pili namrudishia bure. Mara ya tatu harudi tena, anapeleka kwingine. Nawaza kununua gundi ya bei kubwa zaidi. Mnashaurije?

Mkono_Mwepesi:
Gundi haina shida, ndugu. Raba zote zishone. Kiatu kilichoshonwa kuzunguka hakirudi. Gundi iwe ya kushikilia tu wakati unashona.

MzeeMsharasi:
KijanaFundi, usinunue kitu bado. Chukua kiatu kimoja kilichorudi, kifungue taratibu pale kilipobanduka, utazame gundi imebaki wapi. Hapo utajua kosa ni lipi, maana kila kosa huacha alama yake.

Ukikuta gundi yote imebaki upande wa juu, kwenye kitambaa au ngozi, na soli iko tupu na inang'aa, basi gundi haikuwahi kuishika soli. Ama soli haikukwanguliwa, ama ni ya aina isiyokubaliana na gundi yako.

Ukikuta gundi pande zote mbili, lakini ni laini na inavutika kama ubani unaotafunwa, uliunganisha mapema mno. Majimaji ya gundi yalifungiwa ndani na hayakupata pa kutokea. Au soli yenyewe inatoa mafuta yake yanayoilainisha gundi polepole, jambo ambalo soli za plastiki ya PVC hulifanya sana. Hizo siku ya kwanza hushika vizuri kabisa, baada ya wiki kadhaa zinaachia.

Ukikuta gundi pande zote mbili, kavu, kila upande una utando wake laini kana kwamba haujagusana na mwenzake, ulichelewa kuunganisha au hukubana kwa nguvu.

Na ukikuta soli imechanika nyama yake, au kitambaa kimetoka na nyuzi zake zimebaki kwenye gundi, gundi ilifanya kazi yake. Kilichoshindwa ni kiatu chenyewe. Hapo gundi ya bei kubwa haitakusaidia chochote.

Angalia kisha urudi utuambie.

Mama_Mikoba:
Samahani wakuu, na mimi nina swali la ngozi. Nina mkoba mweusi, juu umeanza kumenyuka vipande vipande kama gamba la kitunguu, chini yake kunaonekana kitambaa. Nimeupaka dawa ya viatu mara tatu lakini unazidi. Nitumie mafuta gani ya ngozi?

DadaKiraka:
Mama, huo mkoba si wa ngozi. Ngozi halisi ikichakaa hukauka, hupasuka au hukwaruzika, lakini ndani yake utaona nyuzinyuzi za ngozi yenyewe, si kitambaa kilichofumwa. Huo ni kitambaa kilichopakwa tabaka la plastiki, na hilo tabaka limezeeka. Mafuta na dawa ya viatu haviingii kwenye plastiki, vinakaa juu tu. Hakuna cha kuurudishia. Kinachowezekana ni kukata sehemu iliyomenyuka, kwa mfano kwenye pembe au kwenye mpini, na kushonea kiraka kipya juu yake. Ukiwa umemenyuka mwili mzima, usimlipe fundi yeyote atakayekuahidi kuupaka rangi, maana rangi itaondoka pamoja na gamba lililo chini yake.

Mama_Mikoba:
Asante mwanangu. Nimepaka dawa kopo zima.

KijanaFundi:
Mzee, nimefungua pea mbili. Ya kwanza, raba nyeupe: gundi yote imebaki juu kwenye kitambaa, soli iko safi, inang'aa kama mpya. Ya pili ni sandali: gundi iko pande zote mbili na bado inanata kidoleni, wiki tatu baada ya kuibandika.

Mkono_Mwepesi, nyeupe nilijaribu kuishona mwezi uliopita. Soli ilikatika kwenye mstari wa matundu.

MzeeMsharasi:
Vizuri, hizo ni kesi mbili tofauti. Tuanze na nyeupe.

Soli inayotoka kiwandani ina utando laini juu yake, na mara nyingi ina mabaki ya dawa inayopakwa ndani ya kalibu ili soli isigande humo. Kitambaa chenye maji hakiiondoi. Gundi inakauka juu ya dawa hiyo, si juu ya soli. Kwa hiyo jambo la kwanza ni msasa mkavu, wa chembe kubwa, namba 60 au 80. Kwangua mpaka mng'ao wote uishe na soli ionekane imefifia kama chokaa. Ikibaki hata sehemu ndogo inayong'aa, kubanduka kutaanzia hapo, na ncha ya mbele ndiyo huathirika kwanza kwa sababu ndiyo inayokunjwa kila hatua.

Kwangua gundi ya zamani pia, ya kiwandani na ya kwako. Wengi hupaka mpya juu ya kuukuu, na kiungo kipya hakiwezi kuwa na nguvu kuliko ile iliyokwisha kuachia.

Baada ya msasa, toa vumbi kwa brashi kavu. Kisha loweka pamba kidogo kwa tina ya gundi, ufute sehemu iliyojificha ya soli mara moja, uguse kwa kidole. Ikibaki kavu, huenda ni mpira wa kawaida, gundi yako inatosha. Ikianza kunata, kama inayeyuka, ni ule mpira laini wa plastiki ambao mafundi huujua kwa herufi TPR. Huo hata uukwangue vipi, gundi ya kahawia hushika kwa wasiwasi. Unataka praima yake maalumu kwanza, ipakwe nyembamba, ikauke kama chupa inavyoelekeza, ndipo gundi ifuate. Soli nyepesi mno, ya povu, nayo ina praima yake, ni tofauti na hiyo.

Sandali inayonata, naamini soli yake ni PVC. Itafutie gundi ya PU, ile inayokauka wazi bila rangi. Ndiyo inayovumilia mafuta ya PVC. Kwa hiyo jibu la swali lako la gundi: huhitaji ya bei kubwa zaidi ya aina hiyohiyo, unahitaji makopo mawili ya aina mbili, madogo, pamoja na chupa ya praima. Nunua kopo dogo kwa sababu gundi iliyokwisha kufunguliwa hunenepa, na ukiizimua sana kwa tina inapoteza nguvu.

Soli_Ngumu:
Kuna jaribio la kutambua PVC bila kubahatisha. Pasha waya wa shaba kwenye moto mpaka uwe mwekundu, uguse nao soli mahali pa siri ili ichukue chembe kidogo, kisha rudisha waya kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini ndani, na kwa soli laini ya plastiki hiyo karibu kila mara ni PVC. Fanya nje, usivute moshi wake, na kopo la gundi liwe mbali kabisa na moto. Mvuke wa gundi hulipuka kwa cheche ndogo.

Mkono_Mwepesi:
Mimi bado nasema kushona kunamaliza yote. Praima, waya wa shaba, mteja wa raba moja atalipa hayo yote?

DadaKiraka:
Kwa soli yenye ukuta mnene uko sahihi, kaka. Uzi unapitishwa kwenye ukuta, unaingia ndani ya kiatu na kurudi, na kiatu kinadumu. Mimi huzishona zote za namna hiyo. Lakini angalia mambo matatu. Ukuta ukiwa mwembamba, kila tundu ni mahali pa kuchanikia, ndiyo hiyo iliyomkuta KijanaFundi. Tundu likiwa karibu na tundu, chini ya milimita 5 hivi, unatengeneza mstari wa kukatia, kama karatasi ya risiti. Na ukishona juu ya gundi iliyoshindwa, maji na vumbi huingia katikati, soli inapumua kila hatua, uzi unasuguliwa mpaka unakatika. Gundi kwanza, ikishika ndipo uzi. Uzi ni wa kuisaidia gundi, hasa kwenye ncha na pande zinapokunjika.

Uzi upake nta. Vuta kwa nguvu moja kila mshono, na uzike ndani ya mfereji mdogo uliochorwa kwa ncha ya kisu, usiozidi theluthi moja ya unene wa ukuta. Uzi uliokaa juu hulika na barabara.

Mkono_Mwepesi:
Mfereji nakubali. Soli nyembamba nitakuwa nazikataa.

KijanaFundi:
Nimefuta kwa tina: nyeupe inanata. Kwa hiyo ni hiyo TPR. Praima nimeipata. Naomba hatua zote kwa mpangilio, na muda wake, maana nahisi dakika 5 zangu pia ni kosa.

MzeeMsharasi:
Ni kosa, ndiyo. Kwanza hakikisha kiatu kimekauka ndani. Raba iliyofuliwa jana ina maji kwenye povu la ndani, na ukiibandika leo unyevu utatoka kupitia kwenye gundi. Siku moja kivulini, si juani wala karibu na jiko, maana joto kali hukunja soli na kukausha ngozi mpaka inapasuka.

Fungua kiungo kwa upole hadi pale kilipo imara. Usiishie pale palipoachia tu. Ukisikia mahali panaachia kwa kuvuta kwa vidole, fungua na hapo, la sivyo kitaachia kesho kando ya kazi yako na mteja atasema ni kazi yako.

Kwangua pande zote mbili, toa vumbi, paka praima kwenye soli pekee, iache ikauke.

Gundi paka nyembamba kwa brashi, pande zote mbili, ukifika hadi ukingoni. Kitambaa na ngozi hunywa, kwa hiyo upande wa juu upake mara mbili: paka ya kwanza, subiri ikauke, paka ya pili. Mpako mnene haushiki zaidi, unakauka juu tu na kubaki mbichi ndani. Kisha subiri dakika 10 hadi 15. Siku ya unyevunyevu zaidi. Usitegemee saa pekee. Gusa kwa mgongo wa kidole: inapaswa kushika ngozi yako kidogo lakini isiache kitu kwenye kidole. Ikiacha uzi, bado. Isiposhika kabisa, umechelewa. Gundi ya PU ikikauka hivyo huamshwa kwa joto: ipulizie draya ya nywele mpaka uso ulainike, uunganishe papo hapo. Ya kahawia nayo unaweza kuipasha kidogo, ila ikishapita muda wake sana ni bora upake upya.

Kuunganisha ni mara moja. Anza ncha ya mbele, kisha kisigino, kisha pande zikutane katikati. Ukianza upande mmoja na kuzunguka, mwishoni soli itakuwa imesogea na hutaweza kuivuta, maana imeshashika.

Sasa nguvu. Gundi hizi hutegemea mkandamizo mkali wa mwanzo kuliko kubana kwa muda mrefu kwa ulegevu. Jaza kiatu kalibu au vitambaa vilivyoshindiliwa sana, kisha gonga kwa nyundo ya mpira kila sentimita moja, kutoka katikati kwenda ukingoni. Kiatu kitupu hakipokei nyundo, kinabonyea tu, nawe unadhani umebana. Baada ya hapo kizungushie mpira wa tairi la baiskeli ulioukata mrefu, ukivuta kwa nguvu, ukiache mpaka kesho yake. Saa 24 kabla ya kuvaliwa. Unachofanya sasa, kukabidhi jioni, kinamfanya mteja aondoke na gundi iliyofika nusu ya nguvu yake.

Kabla ya kugusa kiatu cha mtu, jaribu. Chukua kipande cha soli kuukuu ya aina hiyo na kitambaa, upana wa kidole, vigandishe kwa hatua hizihizi, kesho ukivute kwa koleo. Kitambaa kikichanika kabla ya gundi, mkono wako uko sawa. Kikibanduka kikiwa kisafi, rudi kwenye msasa.

Soli_Ngumu:
Nyongeza ndogo: kuna soli za povu za PU ambazo zimekaa miaka kwenye sanduku na zinavunjika zenyewe kama keki kavu. Bonyeza kwa kucha. Ikiacha shimo au ikitoa unga, usibandike. Unyevu wa hewa umeshaila kutoka ndani. Ni kubadilisha soli nzima au kumrudishia mwenyewe.

DadaKiraka:
Na hapo ndipo wateja wanapopatikana au kupotea, KijanaFundi. Watu hawahesabu viatu ulivyotengeneza vizuri, wanakumbuka kile kilichofunguka njiani. Kwa hiyo nguvu nyingi ziwe mezani wakati wa kupokea, dakika mbili tu. Kikunje mbele yake, bonyeza soli, vuta mikanda, fungua na kufunga zipu ya begi mara tatu. Kama ni zipu, mara nyingi meno ni mazima na kichwa ndicho kimelegea. Mwambie: "Nitabadilisha kichwa tu, si zipu nzima." Kwenye mkanda wa begi uliong'oka, mwonyeshe kwamba kitambaa cha pale kimechanika, kwa hiyo utaweka kiraka kwa ndani, ndipo ushone. Ukishona juu ya kitambaa kilichochoka kitang'oka tena, pembeni kidogo.

Mteja akiona mapema kwamba unajua aina ya soli yake na umemweleza kitakachoshika na kisichoshika, hata ukikataa atakuletea kingine. Na mpe siku ya kweli. Ukisema kesho kutwa saa 10 jioni, kiwe tayari. Funga karatasi yenye namba kwenye kiatu, namba ileile kwenye daftari lako: jina, tatizo, siku ya kuchukua, bei mliyokubaliana. Andika pia aina ya gundi na tarehe. Kikirudi utajua hasa ulifanya nini, huanzi kubahatisha.

KijanaFundi:
Dada, hilo la siku ndilo gumu. Watu wengi wana pea moja ya kazini. Nikimwambia kesho kutwa anaondoka kwa jirani anayemaliza kwa nusu saa.

DadaKiraka:
Muulize anakihitaji lini kabla hujamwambia utamaliza lini. Wengi hawakihitaji leo, ni wewe unayejihimiza. Kwa wenye pea moja, pokea jioni ya siku yao ya mapumziko. Wafanyakazi wanaovaa sare, walinzi, wauguzi, wahudumu, hujua siku zao wiki nzima mbele. Waandikie kwenye daftari siku za kuleta. Hao ndio wa kudumu, maana viatu vyao vinatembea kila siku na soli zao zinalika kwa mpangilio. Ukiona kisigino kimeliwa upande mmoja, mwambie arudi kabla hakijafika kwenye mwili wa kiatu. Kibao kidogo cha kisigino ni kazi nyepesi, lakini kikifika kwenye mwili wa kiatu ni kubomoa kisigino kizima.

Mkono_Mwepesi:
Mimi nawapa dhamana ya mwezi mmoja kwa maneno. Inavuta watu.

MzeeMsharasi:
Dhamana ya nini hasa? Ukisema "mwezi mmoja" bila kueleza, atakuja na soli uliyoigundisha ncha tu huku kisigino kimeachia, na mtabishana mbele ya wateja wengine. Andika: kiungo nilichobandika, si kiatu chote. Na soli za plastiki zinazotoa mafuta, mimi sizipi dhamana hata kidogo.

DadaKiraka:
Mzee, mimi nazipa, nikishashona juu ya gundi. Bila uzi, hapana.

MzeeMsharasi:
Hapo hatukubaliani. Nimeona PVC ikichanika kwenye matundu ya uzi katika msimu wa baridi, ikipata baridi inakuwa ngumu kama sahani.

KijanaFundi:
Nimemaliza raba nyeupe leo asubuhi, pea ya majaribio, mguu wa kushoto kwa praima na gundi ya PU, wa kulia kwa gundi ya kahawia bila praima, vyote vimekwanguliwa sawa. Nimeifunga kwa mpira wa tairi. Kesho nitaikunja mara 200 mbele ya kibanda nione ipi inaachia kwanza. Nauliza tu: praima ikikaa zaidi ya saa moja kabla ya gundi, inaharibika?

Soli_Ngumu:
Inategemea chupa. Nyingi hazipendi kukaa hadi kesho, ila saa moja haina neno. Ikipita muda ulioandikwa, ipake tena nyembamba. Na usiishike soli kwa vidole baada ya kupaka, jasho la vidole linaacha alama, na alama hiyo ndiyo utakayoiona siku itakapobanduka.